Saluni nilitoka na bobu, nyumbani imekuwa kofia: tatizo ni mkato, maji au macho yangu?

BintiTabata (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nisaidieni kabla sijashika mkasi.

Jumamosi nilienda saluni moja huku huku Tabata kukata bobu. Nywele zangu hazina dawa, ni kipilipili haswa, na zikivutwa zinafika mabegani. Dada alizivuta na draya, akapiga pasi, ndipo akakata. Pale kwenye kiti nilijiona mtu mwingine: zimelala, zinagusa taya pande zote mbili, ncha zimenyooka mstari mmoja. Nikapiga picha, nikalipa, nikaondoka na madaha yangu.

Jioni ile ile zikaanza kuvimba. Jumapili zimepanda. Jana nimeosha ndiyo nikachoka kabisa: kushoto zimepanda hadi katikati ya sikio, kulia zinafika kwenye ndewe, na kisogoni zimefura zikatokeza nje pembeni.

Je, nimekatwa vibaya, au bobu ile ilikuwa ya mle mle saluni? Na naweza kuirekebisha mwenyewe bila kurudi kulipa tena?

Ngosha_wa_Kwimba

Dada, hukukata bobu. Ulikodi pasi kwa masaa sita.

Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

KinyoziMstaafu

Hii kitu ipo sana. Sisi vinyozi ukishamchonga mteja unampaka wino mweusi kwenye mstari wa paji na kwenye ndevu. Pale kwenye kioo kichwa kinaonekana kimejaa, mstari umekaa sawa. Akienda kuoga mara mbili tatu wino unatoka, anaona pale mbele kumbe nywele ni chache, anarudi kusema umemharibu. Ushauri wangu: kinyozi akimaliza kuchonga, kabla hajapaka kitu, muombe kioo ujiangalie. Huo ndio mnyoo wako wa kweli.

BintiTabata

Asante mkuu, ila mimi sina ndevu 😂

KinyoziMstaafu

Nilisoma kichwa cha habari tu. Lakini ushauri unabaki pale pale, mwingine utamfaa.

Msusi_Makoroboi

BintiTabata, nina saluni Mwanza, nywele za asili ndizo kazi yangu ya kila siku. Ngoja nikueleze kilichotokea, halafu nitakuuliza mambo mawili.

Draya na pasi hazibadilishi nywele yako. Unywele una viunganisho vidogo vidogo ndani yake ambavyo maji au joto huvilegeza. Ukiuvuta ukiwa na joto, ukapoa ukiwa umenyooka, utabaki umenyooka mpaka upate unyevu. Na unyevu si lazima uwe wa kuosha. Jasho la kisogoni, mvuke wa bafuni, hewa tu ya Dar inatosha. Kila sehemu inapopata unyevu inarudi kwenye mviringo wake.

Sasa kipilipili kinaporudi, kinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya urefu wake wa kuvutwa. Zaidi ya hapo, kichwa kimoja hakina kipilipili cha aina moja. Utosini kinaweza kujikaza tofauti na shingoni, na kushoto si lazima kufanane na kulia. Kwa hiyo dada anaweza kuwa amekukata sawa kabisa nywele zikiwa zimenyooka, na bado zikirudi zinapishana.

Maswali yangu: moja, ulipoosha jana, zikiwa zimelowa bila mafuta wala losheni, viringo vilirudi kila mahali au kuna sehemu iliyobaki imenyookanyooka? Mbili, chukua kijifungu nyuma ya sikio la kushoto na kingine nyuma ya sikio la kulia, vivute vyote taratibu kuelekea mdomoni. Vinakutana sawa?

MamaWawili

Hapo nywele zimeungua tu, wala msizunguke. Joto linaua kipilipili, hakirudi tena. Mimi pasi nimeipiga marufuku nyumbani kwangu, hata ya nguo tunaitumia kwa adabu.

Msusi_Makoroboi

MamaWawili, una nusu ya hoja. Zingekuwa zimeungua zote zisingepanda hadi katikati ya sikio; zingebaki zimelala hata zikilowa. Lakini zinaweza kuungua sehemu. Ndiyo maana nimemuuliza swali la kwanza.

Chuga_Mtoto

Mimi nipo Arusha. Pasi yangu inakaa wiki nzima nikifunga kitambaa usiku. Nikishuka Dar kwa shangazi, Kigamboni, nikivuka na pantoni mara moja tu kichwa kimeshafura. Nywele ni zile zile, pasi ni ile ile. Kwa hiyo namuunga mkono msusi, ni hewa.

MwalimuFizikia

Wanajamvi, mmeruka jambo la kwanza kabisa, nalo ni kioo na taa.

Saluni nyingi taa zinamulika uso kutoka mbele, au zimezunguka kioo. Nyumbani taa ipo juu darini, inatupa kivuli chini ya nywele na chini ya macho. Umbo lile lile linaonekana zito zaidi. Pili, kwenye kioo unaona kushoto kwako kuko kushoto, lakini picha aliyokupiga mtu inageuza. Njia ya nywele uliyoizoea upande mmoja unaiona upande mwingine, na kila kasoro ndogo ya ulinganifu inakurukia machoni. Tatu, pale saluni umevishwa shuka jeusi hadi shingoni, hakuna kola, hakuna mabega. Ukivaa blauzi yenye kola, nywele za chini zinasukumwa juu.

Kwa hiyo sehemu ya tatizo iko machoni.

Ngosha_wa_Kwimba

Mwalimu, taa gani inayohamisha nywele kutoka kwenye taya hadi kwenye sikio? Hiyo taa naitaka, nihamishe na kitambi.

MwalimuFizikia

Nimesema SEHEMU ya tatizo. Soma.

Shangazi_wa_Maskati

Salam aleikum. Mie niko Maskati, asili yangu Unguja. Huku nyumbani ni kiyoyozi mchana kutwa, hewa kavu, nywele nikizipiga pasi zinakaa. Nikitoka nje mwezi wa saba, hapa tulipo pwani, kabla sijafika kwenye gari zishaanza kunyanyuka. Sasa mwanangu, hiyo saluni ilikuwa na kiyoyozi? Kama ilikuwa nacho, basi ulikuwa unajitazama kwenye hewa ambayo kwako haipo.

BintiTabata

Shangazi umegonga. Kiyoyozi kilikuwepo, hadi nilisikia baridi. Kwangu ni feni na dirisha.

Msusi, nimefanya ulivyosema. Nikivuta nyuma ya masikio vinakutana, tofauti kama upana wa ukucha, kulia ndiyo ndefu. Nilipolowanisha bila kitu, kushoto viringo vyote vimerudi, vidogo vya kukaza. Kulia pembeni ya uso kuna kama vidole viwili vya nywele ambavyo vina mawimbi tu. Havijikunji.

MamaWawili

Nilisema nini?

Msusi_Makoroboi

Haya, hapo picha inaanza kuonekana. Ukucha mmoja zikivutwa si mkato mbaya, mkono wa binadamu ule. Ila kile kisehemu cha kulia kimepata joto kuliko kwingine. Huenda alianzia pale pasi ikiwa na moto mkali, au alirudia mara nyingi kwa sababu pembeni ya uso ndipo mteja anapopatazama. Pasi nyingi zina namba hadi 230, na wapo wanaoiweka hapo kwa kila kichwa. Nywele iliyovutwa vizuri na draya, 180 kupitisha mara moja inatosha.

Sehemu hiyo haitarudi. Kondishena itailainisha, lakini mviringo wake umeshakufa. Itakua na kukatwa kidogo kidogo, na nywele inakua kama sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo mpango wako wa sasa ni kufanya pande mbili zifanane kwa mtindo, si kwa mkasi.

Dada_wa_Umoja (Nairobi)

Habari zenu kutoka Nairobi. Mimi naona mnamhukumu huyo fundi bure. Analalia upande gani? Mimi nikilala upande mmoja asubuhi upande huo umejikunja na kubanana, ule mwingine uko sawa. Na wakati wa kukatwa alikaa vipi? Mteja akiinamia simu, kisogo kinakatwa kikiwa kimenyooshwa, akiinua kichwa nyuma na mbele hazilingani. Hilo naliona kila wiki kazini.

BintiTabata

Nalalia kushoto kweli. Ila simu ilikuwa kwenye chaji siku hiyo, nilikuwa natazama kioo kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Dada_wa_Umoja

Basi funga kitambaa cha satini ama badilisha foronya, halafu uangalie tena baada ya wiki. Usimalize maneno kwenye pasi peke yake. Mawimbi mawili hayaelezi kichwa kizima.

Msusi_Makoroboi

Kulalia kunabana nywele, nakubali, lakini ukilowanisha kunaisha. Yeye kalowanisha na bado.

Dada_wa_Umoja

Amelowanisha mara moja. Mimi ningengoja.

Bwana_Mapozi

Samahani kuingilia. Mke wangu ana nywele za dawa, kakata fupi sana, saluni zilikuwa zimelala kichwani vizuri, nyumbani zimesimama. Ni jambo lile lile?

Msusi_Makoroboi

Hapana mkuu. Dawa imeshanyoosha nywele moja kwa moja, kilichobaki ni mwelekeo. Saluni walizilaza kwa losheni ya kuweka mtindo zikiwa zimelowa, wakamfunga, wakamweka chini ya draya kubwa mpaka zikakauka kabisa. Nyumbani afanye vivyo hivyo: alowanishe kidogo, apake losheni, azichane kuzunguka kichwa kwa upande mmoja, afunge skafu ya satini kwa kubana, na asifungue mpaka zikauke. Akifungua zikiwa na umajimaji zitasimama. Ila kama zinazosimama ni za kwenye shina tu, hizo ni nywele mpya zilizoota bila dawa, skafu itazituliza kwa siku moja au mbili basi.

Bwana_Mapozi

Asante, namfikishia.

BintiTabata

Jamani turudi kwangu. Nifanyeje?

Msusi_Makoroboi

Sikiliza, hii fanya jioni usiyotoka. Pasi usiiguse, bobu tutaipata kwa uzi.

Osha kwa shampuu, paka kondishena, chambua kwa vidole kisha kwa chanuo pana, kuanzia kwenye ncha kupanda juu. Suuza. Futa kwa fulana ya pamba, si taulo. Gawa kichwa mafungu manane: mawili mbele, mawili pembeni, mawili utosini, mawili kisogoni. Paka losheni ya kuacha kichwani kidogo kila fungu. Ukijaza, hazitakauka, na uzi utakuwa umefanya kazi bure.

Sasa chukua uzi mweusi wa kusukia, ule wa zamani bibi zetu walisukia. Funga shinani bila kubana ngozi, kisha zungusha kuteremka mpaka kwenye ncha, fungu likiwa limevutwa kwa kiasi. Kwako wewe jambo la kushika ni hili: kushoto, ambako kipilipili kimejikaza, zungusha uzi ukaribiane, mzunguko kwa mzunguko. Kulia kwenye ile sehemu ya mawimbi usivute kabisa. Hapo sokota twisti ya mikunjo miwili, uzungushe ncha kwenye kidole au kwenye rola ndogo. Unataka upande mmoja urefuke na mwingine ujikunje, wakutane katikati.

Lala nazo. Asubuhi gusa katikati ya fungu lililo nene kuliko yote, kama ni baridi kwenye vidole bado lina maji. Usifungue. Hapo ndipo watu wengi wanaharibu, wanafungua moja kuona, inarudi juu, wanakasirika. Zikikauka kabisa, paka mafuta kidogo viganjani, fungua uzi kuanzia ncha, na utenganishe kila fungu mara mbili tu. Kitana kaa nacho mbali. Mwisho ingiza chanuo shinani, uinue kidogo pale utosini, usifike kwenye ncha.

Chuga_Mtoto

Uzi! Mama alikuwa ananisuka uzi nikilia. Ngozi inavutwa hadi macho yanakuwa ya Kichina 😭

Msusi_Makoroboi

Ndiyo maana nimesema usibane ngozi. Ukiona vipele vidogo vyeupe shinani, au kichwa kinauma ukilala, fungua. Hasa pembeni mbele, nywele za pale zikishang'oka mara nyingi haziotei tena vizuri.

Ngosha_wa_Kwimba

Na kisogo? Kalalamika kisogo kimetokeza nje.

Msusi_Makoroboi

Umeuliza la maana leo. Bobu ya mstari mmoja kwenye kipilipili hufanya hivyo. Kila kiringo kinaporudi kinanenepa na kusukuma jirani yake, na kwa kuwa zote zimeishia mahali pamoja, unene wote unajaa chini. Zinakuwa nyembamba juu, pana chini. Uzi utapunguza, hautamaliza. Dawa yake ni kupunguzwa kwa ndani, tabaka, ili nywele za juu ziwe fupi kidogo na zijaze utosini. Hiyo usiifanye mwenyewe kwenye kioo, kisogo hukioni. Mwenyewe gusa zile zinazotokeza pembeni tu, zikiwa kavu, katika mtindo utakaouvaa, kijifungu kimoja kimoja, nusu sentimita. Ukikata zikiwa zimelowa na umezivuta, nusu sentimita mkononi inaonekana si kitu, ila kichwani ni pengo.

Na safari ijayo mwambie dada akukate nywele zikiwa kwenye hali yake, zimekauka bila kuvutwa. Ataona kila kiringo kinaangukia wapi.

Dada_wa_Umoja

Hapo hatuelewani, dadangu. Ukimkata mteja kwenye viringo, siku akitaka kuzinyoosha kwa harusi atakuta ncha za juu na chini, kama zimetafunwa. Halafu nani atalaumiwa? Mimi huuliza kwanza: wiki nzima unazivaa vipi? Kama ni kunyoosha, nakata zikiwa zimenyooka. Kama ni viringo, nakata kwenye viringo. Mteja anayetaka zote mbili namwambia wazi kwamba moja itakuwa na kasoro.

Msusi_Makoroboi

Wateja wangu wengi wananyoosha mara moja kwa mwaka. Sikati nywele ya mwaka mzima kwa ajili ya harusi moja.

Dada_wa_Umoja

Wangu kila mwisho wa mwezi. Basi wateja wetu si wamoja.

MzeeKisima

Mmesahau maji. Nilikaa Dodoma, sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa kavu na ngumu kushikika. Dar wengi wanatumia visima vya chumvi. Saluni labda wanaoshea maji ya bomba au ya tangi la mvua, yeye anaoshea kisima. Hapo nywele haziwezi kulala sawa hata ufunge uzi wa nailoni.

BintiTabata

Mzee, kwetu ni kisima kweli, na chumvi ipo.

Msusi_Makoroboi

Maji ya chumvi yanakausha na yanaacha utando, hilo kweli. Suuza ya mwisho tumia maji ya mvua au hata ya kunywa, lita mbili zinatosha kwa bobu. Lakini maji yale yale yamepita kushoto na kulia, hayaelezi kwa nini pande zinapishana.

MzeeKisima

Sikusema yanaeleza yote. Kila mtu humu ana sababu yake moja anaing'ang'ania.

BintiTabata

Mrejesho. Jana nimefunga uzi kama msusi alivyosema na nimesuuzia maji ya mvua ya mzee, na nimelala na satini ya Dada wa Umoja, kwa hiyo mshindi simjui. Leo asubuhi: kushoto zinafika chini ya ndewe, kulia zile za mawimbi zimejikunja kiasi na rola, ukiangalia haraka ziko sawa. Kisogo kimepungua lakini bado kipana. Utosini nilifungua mapema fungu moja, limerudi juu lote. Ofisini mmoja kaniuliza nimesuka wapi.

Sasa je, nikirudi saluni kwa ajili ya tabaka, nilipie tena au ni haki yangu?

Ngosha_wa_Kwimba

Rudi na picha ya siku ile na kichwa cha leo, uulize ni kipi ulichonunua.

Dada_wa_Umoja

Mkato ulikuwa sawa zikinyooka, wewe mwenyewe umepima. Tabaka ni kazi mpya, lipa. Kuhusu ile pasi, ongea naye kwa upole, anaweza kukupunguzia.

Msusi_Makoroboi

Kwangu kupunguza ndani ya wiki mbili ni bure. Ila kila saluni ina utaratibu wake, uliza kabla hujakaa kwenye kiti.

Neema_wa_Mbagala

Nimechelewa uzi huu. Mimi nina mba, naweza kufunga nyuzi hivyo hivyo?

Msusi_Makoroboi

Funga, ila mafuta usipake kwenye ngozi, weka kwenye nywele tu, na usikae na nyuzi zaidi ya usiku mmoja. Kama mba ina vidonda au nywele zinakatika kwa duara, acha nyuzi, nenda hospitali kwanza.

Neema_wa_Mbagala

Haina vidonda. Nyuzi nyeusi zinapatikana wapi siku hizi, maduka ya vipodozi wananipa rasta tu.

MamaWawili

Nenda kwa wauza vifaa vya kushonea, Kariakoo zimejaa. Uliza uzi wa kusukia, usichukue wa cherehani, ule mwembamba unakata nywele.